Uliza Kabla ya Kufuta

Simu ikitolewa kwenye hali ya ndegeni kisha ikabaki inatafuta mtandao, watu wengi hukimbilia jambo moja: kurejesha mipangilio ya mtandao. Rafiki atakuambia hivyo, fundi wa kibandani atakuambia hivyo, na kurasa za msaada za watengenezaji nazo zimeliweka jambo hilo kwenye orodha zao. Mara nyingi ushauri huo huja pamoja na mwingine, wa kuchagua mtandao kwa mkono badala ya kuiachia simu ichague yenyewe, na yote mawili husemwa kwa pumzi moja kana kwamba ni ya aina moja: likishindwa hili, jaribu lile. Si ya aina moja. Kuchagua mtandao kwa mkono ni kuiuliza simu swali, na simu ikijibu unajua zaidi ya ulivyojua mwanzo, hata kama mtandao haujarudi. Kurejesha mipangilio ni kufuta, na ukishafuta huwezi tena kujua kilichokuwa kimekosewa. Ndiyo maana swali lapaswa kutangulia, na ndiyo maana, kama nitakavyojaribu kuonyesha, ufutaji una sifa nyingi kuliko kazi unayoifanya.

Kwanza tuangalie kinachofanyika ndani ya simu pale unapozima hali ya ndegeni, kwa sababu neno "inatafuta" linaficha hatua kadhaa tofauti. Sehemu ya redio ya simu, yaani modemu, inaamka na kusoma laini. Ndani ya laini mna namba ndefu inayoitambulisha kwa mtandao, na tarakimu tatu za mwanzo ni za nchi: 640 ni Tanzania, 639 ni Kenya, 641 ni Uganda, 422 ni Omani. Tarakimu zinazofuata ni za kampuni yenyewe. Modemu huanza na mtandao wa mwisho iliokuwa nao na masafa ya mwisho inayoyakumbuka, na ikiwa simu haijahama sana, hapo hapo inapata mnara na kazi inakwisha kwa sekunde chache. Isipoupata, inaanza kupekua masafa yote inayoyajua. Kizazi cha pili peke yake, kwenye megahezi 900 za kawaida, kina mikondo 124, na kwenye 1800 kina mingine 374, na bado hujagusa kizazi cha tatu, cha nne wala cha tano. Kwa hiyo simu iliyozimiwa redio Mwanza na kuwashiwa Dar es Salaam kuchukua dakika moja au mbili si ugonjwa. Ni haki yake.

Kuusikia mnara hakutoshi. Simu lazima iseme: itume ombi la kusajiliwa, na ombi hilo lifike. Kisha lazima ikubaliwe: mtandao unairushia laini namba ya kubahatisha, laini inaikokotoa kwa ufunguo wa siri uliofungiwa ndani yake na kurudisha jibu, na jibu likilingana na lile ambalo mtandao umekokotoa upande wake, simu inaandikwa kuwa iko eneo fulani na vijiti vya mtandao vinatokea. Kusikia, kusema, kukubaliwa. Hitilafu inaweza kuwa kwenye lolote kati ya hayo matatu, na juu ya kioo zote zinaweza kufanana. Kuna dalili ndogo ambayo watu huipita bila kuisoma: simu inayoandika "No service" kwa kawaida haisikii mnara wowote unaoifaa, ilhali inayoandika "Emergency calls only" imeshasikia mnara na imeegemea pale, ila haijakubaliwa kwa huduma ya kawaida. Maandishi hayo yanatofautiana kati ya simu na simu, kwa hiyo si ya kutegemewa peke yake, lakini yameshakupa nusu ya habari kabla hujagusa kitu.

Kabla ya kuuliza swali lenyewe, kuna mambo mawili ambayo yasipofanywa jibu litakupotosha. La kwanza ni kutazama simu nyingine yenye laini ya kampuni ile ile, ikiwa mahali pale pale. Kama nayo imekosa mtandao, mnara una shida na mjadala umeisha. La pili ni kuizima simu kabisa na kuiwasha, wala si kuirusha tena kwenye hali ya ndegeni. Watu huyaona mambo haya mawili kuwa sawa, na sababu ya kutokuwa sawa haijulikani sana. Kanuni za mitandao ya simu zinasema kwamba mtandao ukiikataa laini kwa sababu nzito, kwa mfano kwamba hauijui au hauikubali, simu itaihesabu laini hiyo kuwa batili mpaka simu izimwe au laini itolewe. Haitauliza tena. Kuwasha na kuzima hali ya ndegeni, katika simu nyingi, kunalaza redio tu bila kuikatia laini umeme, na uamuzi ule wa kuihesabu batili unaweza kubaki pale pale. Mtu akiwa amebofya alama ya ndege mara kumi, anaweza kuwa hajaituma simu kuomba hata mara moja.

Sasa swali. Katika simu za Android za kawaida nenda kwenye mipangilio ya laini, utafute mahali palipoandikwa "Automatically select network", ukizime. Katika Samsung ni "Mobile networks", kisha "Network operators". Katika iPhone ni "Network Selection" ndani ya mipangilio ya data ya simu. Simu itakata jitihada zake za kawaida na kupekua masafa yote upya ili ikuletee orodha ya mitandao inayoisikia. Ngojea. Upekuzi huu unaweza kuchukua dakika mbili au zaidi, na watu wengi hurudi nyuma baada ya nusu dakika wakidhani simu imeganda, kisha wanasema orodha haikuja. Itakapokuja, itakuwa na majina ya kampuni au, wakati mwingine, tarakimu tupu kama 640 04 au 639 02, ambazo ni ile ile namba ya nchi na ya kampuni niliyoitaja. Tarakimu tupu zisikutishe. Maana yake ni kwamba simu haina jina la kuweka badala ya namba, basi.

Jibu la kwanza linalowezekana ni orodha tupu, au ujumbe kwamba upekuzi umeshindikana, mahali ambapo simu nyingine zote zina mtandao. Hilo ni jibu zito kuliko yote. Katika mji wa Afrika Mashariki hewani mna mitandao mitatu, minne, hata zaidi, na simu haihitaji laini nzuri wala ruhusa ya mtu ili kuisikia. Isipousikia hata mmoja, tatizo haliko kwenye laini, haliko kwenye kifurushi, wala haliko kwenye usajili wa alama za vidole. Liko kwenye njia ya redio ya simu yenyewe: antena iliyoachia baada ya simu kuanguka au kufunguliwa, modemu iliyokufa, au programu ya modemu iliyoharibika. Hapo piga *#06#. Ikitokea namba ya IMEI yenye tarakimu 15, modemu angalau inazungumza na simu. Isipotokea, au zikitokea sifuri, modemu imepotea kabisa. Katika Android ukurasa wa "About phone" una mstari wa "Baseband version", na mstari huo ukisomeka "Unknown" maana yake ni hiyo hiyo. Hakuna mpangilio wa mtandao utakaofutwa ukairudisha modemu ambayo simu haiioni.

Jibu la pili ni orodha iliyojaa, mtandao wako ukiwemo. Simu inasikia. Sasa uchague mtandao wako na usome kwa makini kitakachoandikwa, kwa sababu hapa ndipo simu inapotoa siri yake. Android imekuwa na ujumbe mmoja unaosema "Your SIM card doesn't allow a connection to this network." Ujumbe huu hautolewi ovyo. Kwenye programu yenyewe umefungwa kwenye sababu mahususi: mtandao umesema kwamba laini au simu hii si halali kwake. Ujumbe wa jumla zaidi, kwamba imeshindikana kuunganishwa kwa sasa na ujaribu baadaye, hausemi mengi. Simu mpya nyingi zimefupisha yote mawili kuwa neno moja la kushindwa, jambo ambalo kwa maoni yangu ni hasara, kwa kuwa limemnyima mtumiaji habari ambayo simu ilikuwa nayo mkononi.

Ukipata katazo, bado hujui kama aliyekataliwa ni laini au ni simu. Njia ya kuwatenganisha ni ya zamani na haijapata mbadala: toa laini uitie kwenye simu nyingine nzima, na uchukue laini nzima uitie kwenye simu hii. Laini yako ikikataliwa na huko, ni ya kupeleka dukani kwa kampuni. Inaweza kuwa imefungwa kwa kukaa muda mrefu bila kutumika, inaweza kuwa imebadilishwa kwa mtu kuomba laini mpya ya namba ile ile, inaweza kuwa haikukamilisha usajili. Tanzania, baada ya tarehe 20 Januari 2020, ilianza kuzifunga kwa awamu laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole, na waliokumbwa waliona simu iliyokuwa nzima jana ikikosa mtandao leo. Lakini laini nzima ikikataliwa na simu hii, na laini yako ikashika kwingine, anayekataliwa ni simu. Kwa Tanzania sababu moja ya hilo ina tarehe yake: usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizizima simu bandia kwa kuzifungia IMEI zao. Simu yenye IMEI iliyofungiwa itausikia mnara vizuri kabisa, itaorodhesha mitandao yote, na itakataliwa na kila mmoja. Namba ya IMEI inaweza kuhakikiwa kwa kuituma kwenda 15090.

Kuna jibu la tatu ambalo huwachanganya hata mafundi. Orodha inakuja, unachagua, simu inahangaika kwa muda, kisha inashindwa bila katazo lolote. Laini nzima nayo inashindwa vivyo hivyo. IMEI ipo na haijafungiwa. Hii mara nyingi ni simu inayosikia lakini haisemi. Kupokea mawimbi na kutuma mawimbi ni kazi za vipuri tofauti ndani ya simu, na kipuri kinachokuza nguvu ya kutuma kinaweza kufa huku kile cha kupokea kikiwa hai. Mnara unasikika, ombi linatumwa, halifiki, na simu inajaribu tena mpaka inachoka. Alama yake nyingine ni kwamba simu hupata joto na chaji huisha haraka, ingawa alama hiyo haitoshi peke yake, kwani simu yoyote inayotafuta bila kupata hula chaji. Ukiwa karibu sana na mnara, simu kama hii wakati mwingine hushika kwa muda kisha ikaachia ukisogea mbali. Mwenye simu atasema mtandao wa nyumbani kwake ni mbovu. Majirani zake hawatasema hivyo.

Jibu lililobaki ni lile la kupendeza: unachagua mtandao wako kwa mkono, na unashika. Watu hufurahi na kuishia hapo. Wasingepaswa, kwa kuwa swali limezaa swali jingine: kama mtandao upo, laini inakubaliwa na simu inasema, kwa nini njia ya kujichagulia haikuufikia? Chukua msafiri mwenye laini ya Tanzania aliyekuwa Maskati. Akiwa kule simu yake ilikuwa ikirukaruka kati ya mitandao miwili ya Omani, na kwa kuwa mmoja ulikuwa na gharama nafuu kwa laini yake, aliuchagua kwa mkono, 422 02, akaendelea na shughuli zake. Wiki mbili baadaye anapanda ndege, anaweka hali ya ndegeni, anashuka Dar es Salaam na kuizima. Simu inatafuta. Inaweza kutafuta kutwa, kwa sababu imeamriwa kuutafuta mtandao wa Omani na hakuna mnara wa Omani Kipawa. Katika njia ya mkono kanuni haziiruhusi simu kuhamia mtandao mwingine kwa hiari yake. Kuna simu zinazorudi zenyewe kwenye mtandao wa nyumbani, lakini nyingi husubiri mwenyewe aamue. Msafiri huyu hana simu mbovu wala laini mbovu. Ana agizo alilolitoa mwenyewe na kulisahau. Akifungua orodha atauona mtandao wake wa nyumbani pale, atauchagua, utashika mara moja. Na la maana zaidi, atakuwa ameona kwa macho kwamba kitufe cha kujichagulia kilikuwa kimezimwa tangu zamani. Akiwasha kitufe hicho, amemaliza.

Na hapa ndipo ilipo siri ya sifa za kurejesha mipangilio. Msafiri yule yule, badala ya kufungua orodha, angeweza kurejesha mipangilio ya mtandao na angepona vile vile. Angewaambia watu kwamba dawa ni hiyo, na asingekuwa mwongo. Lakini tazama kinachofanywa na amri hiyo. Upande wa laini, Android hufanya mambo machache yanayohesabika: inarudisha uchaguzi wa mtandao kuwa wa kujichagulia, inarudisha aina ya mtandao inayopendelewa kwenye ile ya kiwandani, inarudisha mipangilio ya data na ya kutumia data ukiwa nje ya nchi, na inarudisha APN za kampuni. Zaidi ya hapo, kwa namna inayotegemea toleo, inafuta mitandao ya Wi-Fi pamoja na nywila zake na vifaa vya Bluetooth vilivyounganishwa. iPhone inafanya mambo yanayofanana, inafuta na VPN, kisha inajizima na kujiwasha. Ukiisoma orodha hiyo kwa utulivu utaona kwamba kila kilichomo ni uamuzi uliofanywa na mtu, au na programu kwa niaba ya mtu. Kufuta maamuzi kunaponya shida zilizoletwa na maamuzi. Hakugusi antena, hakugusi modemu, hakugusi IMEI iliyofungiwa, hakugusi daftari la kampuni ambamo laini yako imeandikwa kuwa haipo. Hata kurudishwa kwa APN si tiba ambayo watu huifikiria, kwani APN ni njia ya data. Simu yenye APN mbovu hupiga na kupokea simu kama kawaida, ila haifungui intaneti.

Mtu anaweza kujibu kwamba hoja hii ni ya kinadharia: watengenezaji wenyewe wanaishauri amri hiyo, na maelfu ya watu imewasaidia. Naikubali sehemu ya pili. Imewasaidia kwa sababu tatu, na ni moja tu iliyo ya amri yenyewe. Kwanza, kwenye iPhone inakuja na kuzima na kuwasha, na nimeshaeleza kwa nini kuzima na kuwasha peke yake kunaweza kuitoa laini kwenye ubatili. Pili, inachukua muda, na muda mara nyingi ndio uliokuwa unahitajika ili simu iliyohama imalize kupekua masafa. Tatu, inaondoa maamuzi yaliyosahaulika kama ya msafiri wetu. Watengenezaji wanaishauri kwa sababu inayoeleweka: hawamwoni mteja, hawajui alibofya nini, na amri moja inayorudisha kila kitu mwanzo ni rahisi kuielezea kuliko kumfundisha mtu kusoma majibu ya simu yake. Huo ni ushauri mzuri kwa kampuni yenye wateja wa dunia nzima. Kwako wewe mwenye simu moja mkononi, uliye na macho ya kuona kilichoandikwa, si lazima uwe wa kwanza.

Kuna uamuzi mmoja uliosahaulika ambao naupa nafasi yake kwa kuwa umeenea kwetu. Watu wanaosaka kasi ya intaneti hufundishana kupiga *#*#4636#*#* kwenye Android, kuingia kwenye ukurasa wa taarifa za simu, na kuilazimisha simu itumie 4G tu kwa kuchagua "LTE only". Mjini inafanya kazi, na simu inakuwa nyepesi. Mtu akienda mahali ambapo mnara uliopo ni wa kizazi cha pili peke yake, au 4G ya kampuni yake haifiki, simu haitasikia kitu inachoruhusiwa kukisikia. Inatafuta tu. Kuwasha na kuzima hali ya ndegeni hakuondoi agizo hilo, na hata kuzima simu mara nyingi hakuliondoi. Kurejesha mipangilio kutaliondoa, kweli, lakini pia kuingia kwenye mipangilio ya laini na kuirudisha aina ya mtandao kwenye ile inayochanganya vizazi vyote kutaliondoa, bila kumwondolea mtu nywila ya Wi-Fi ya ofisini ambayo aliyeiweka ameshahama kazi.

Pingamizi jingine ni zito zaidi, na linatoka upande wa pili: kwamba kuchagua kwa mkono ndiko kunakoleta balaa, kama mfano wa Maskati ulivyoonyesha, kwa hiyo kwa nini nimwelekeze mtu asiye fundi kwenye kitufe hicho? Anayeishi Namanga, Tunduma au Sirari anajua upande mwingine wa jambo hili. Pale simu inayojichagulia inaweza kudakwa na mnara wa nchi jirani wenye nguvu zaidi na kumlia mtu salio, na kuchagua kwa mkono ndiyo kinga yake. Akisafiri kwenda ndani ya nchi jirani na kinga ile ile, simu inakuwa bubu. Pingamizi hili ni la kweli, na jibu langu ni kwamba linahusu kuacha kitufe kimezimwa, halihusu kukitumia kuuliza. Uliza, soma jibu, kisha urudishe kwenye kujichagulia kabla hujafunga ukurasa, isipokuwa kama unaishi mpakani na unajua unachokifanya. Tena kuchagua kwa mkono kuna uwezo ambao kujichagulia hakuna. Ukiwa ugenini, mtandao uliowahi kuikataa laini yako huandikwa kwenye orodha ya mitandao iliyokatazwa, na orodha hiyo imo ndani ya laini, si ndani ya simu. Simu inayojichagulia itaupita mtandao huo kila mara, hata baada ya kampuni yako kuwa imeshafanya makubaliano nao. Ukiuchagua kwa mkono, simu huomba licha ya katazo, na ikikubaliwa jina la mtandao hufutwa kwenye orodha. Hamisha laini kwenye simu nyingine na orodha itakwenda nayo. Futa mipangilio ya simu yote na orodha itabaki ilipo.

Kwamba mtu hana muda wa kuulizana na simu, hilo sioni kama ni pingamizi. Upekuzi wa orodha ni dakika mbili, kubadilishana laini na mtu aliye karibu ni dakika tano. Kurudisha nywila za nyumbani, kazini na kwa mama mkwe ni zaidi ya hapo. Na kwa wanaotumia laini ya kielektroniki, yaani eSIM, kuna gharama nyingine: baadhi ya simu za Android, kwenye ukurasa ule ule wa kurejesha mipangilio, huweka kisanduku cha kufuta na eSIM. Anayekitia alama bila kusoma anaingia akiwa na simu isiyoshika mtandao na kutoka akiwa na simu isiyo na laini, na kuirudisha kunahitaji kampuni na, kwa kawaida, intaneti.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote kwamba ufutaji una mpaka wake ulitoka kwa mtengenezaji mwenyewe. Mwezi Februari 2018 kampuni ya Apple ilitangaza kwamba asilimia ndogo ya simu za iPhone 7 zilikuwa zikiandika "No Service" hata mahali penye mtandao, na kwamba sababu ni kipuri kilichoshindwa kwenye ubao mkuu wa simu. Zilikuwa simu zilizotengenezwa kati ya Septemba 2016 na Februari 2018, za namba za modeli A1660, A1779 na A1780, zilizouzwa China, Hong Kong, Makau, Japani na Marekani. Modeli ya A1778, ambayo kwa umbo huwezi kuitofautisha nazo, haikuwemo. Wamiliki wa simu hizo walikuwa na kila sababu ya kuzungusha hali ya ndegeni na kufuta mipangilio wiki nzima, kwa sababu alama kwenye kioo ilikuwa ile ile ya simu yenye agizo lililosahaulika. Apple ilizitengeneza bure kwa muda uliowekwa, na muda huo umekwisha zamani, lakini simu za umri ule bado zinauzwa kama mtumba katika masoko yetu, na nyingi zilianzia Marekani. Anayenunua moja anaweza kuisoma namba ya modeli nyuma ya simu kabla ya kutoa pesa, na kuomba atie laini yake, aingie kwenye "Network Selection", azime "Automatic" na angoje orodha hapo hapo mezani kwa muuzaji.

Baada ya haya yote, kurejesha mipangilio kuna mahali pake, na mahali hapo ni pafinyu: orodha imekuja, laini imethibitika kuwa nzima kwenye simu nyingine, laini nyingine nzima imegoma kwenye simu hii bila katazo, IMEI ipo na haijafungiwa, kujichagulia kumewashwa, aina ya mtandao imerudishwa kwenye ya kawaida, simu imezimwa na kuwashwa. Umebaki na mambo mawili tu: kipuri cha kutuma kilichokufa, au mpangilio ulioharibika mahali ambapo huwezi kuufikia kwa mkono. Hapo futa, baada ya kuandika nywila zako na kuhakikisha kisanduku cha eSIM hakina alama. Simu ikishika, ulikuwa mpangilio. Isiposhika, unaweza kumwambia fundi kwamba inasikia na haisemi, na kwamba asianze kwa kuipiga programu upya.